Bahari imeingia jarubani: barua ya wazi kutoka Pemba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Dodoma,
na kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, Chukwani.

Assalaam alaykum.

Waheshimiwa, nakuandikieni kutoka kusini mwa Pemba, nyumbani kwa marehemu mama yangu. Alituachia majaruba manne ya mpunga. Leo tunavuna mawili. Yale mawili ya chini hayakufa siku moja. Mwanzo maji ya bamvua yalikuwa yakiingia mara moja kwa mwaka, yanakaa siku mbili tatu, mvua za masika zinaosha chumvi, tunapanda. Kisha yakawa yanaingia kila bamvua kubwa. Ukipita pale wakati wa jua kali utaona ukoko mweupe juu ya tuta. Uguse kwa kidole uweke ulimini, ni chumvi tupu. Kinachoota sasa ni magugu ya pwani yenye majani manene, ambayo hata mbuzi wetu, wanaokula mpaka makaratasi, wanayapita.

Nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, nikauliza kama serikali imewahi kumwambia mtu yeyote huko nje kuhusu mambo haya. Afisa alinipokea vizuri, akaniagizia chai, akanijibu: "Mzee wangu, hili la bahari halina wa kudaiwa. Aliyeumia ni wewe, si nchi. Na waliochafua hewa hukuwaona wakija na moshi hapa." Nilikunywa chai yangu nikaondoka. Lakini jibu lile nimelisikia pia kwa wakubwa zaidi yake, tena kwenye vipaza sauti, na ndilo lililonitia kalamuni. Mimi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nasoma hukumu za Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyo Hague kama wenzangu wa barazani wanavyofuata mpira. Kwa sheria ilivyo leo, jibu lile si sahihi.

Afisa yule alikuwa na aina moja tu ya deni kichwani. Ukinikopa shilingi elfu kumi, mdai ni mimi peke yangu. Jirani akija kukudai utamwambia hayamhusu, na utakuwa na haki. Lakini ukimwaga taka kwenye kisima cha mtaa, jirani yeyote ana ruhusa ya kukushika mkono, hata yule aliyevuta bomba mpaka jikoni kwake na hateki pale. Waliosoma chuoni kwa maalimu wanaujua mgawanyo huu kwa jina lake: haki za waja, ambazo mwenyewe hudai au husamehe, na haki za Mwenyezi Mungu, ambazo Muislamu yeyote anaweza kusimama kuzidai bila ya kuulizwa wewe umepoteza nini.

Sheria ya mataifa kwa muda mrefu ilijua deni la aina ya kwanza tu. Afrika ililipia hilo. Mwaka 1960 Ethiopia na Liberia zilimshitaki Kaburu wa Afrika Kusini katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa aliyokuwa akiwafanyia watu wa Namibia. Baada ya miaka sita, tarehe 18 Julai 1966, majaji waligawika saba kwa saba. Rais wa mahakama, Percy Spender wa Australia, akatumia kura yake ya kuvunja sare, na Ethiopia na Liberia zikaambiwa kwamba hazina haki yao wenyewe iliyovunjwa. Mahakama haikusema kuwa ubaguzi ni sawa. Ilisema tu: nyinyi hayakuhusuni. Ni maneno ya yule afisa wangu, ila yalisemwa kwa joho.

Hasira za Afrika na Asia zilikuwa kubwa, na mahakama yenyewe ilijirudi. Tarehe 5 Februari 1970, katika kesi isiyo na uhusiano wowote na mambo haya, ugomvi wa Ubelgiji na Uhispania juu ya kampuni ya umeme ya Barcelona, iliingiza aya mbili ambazo ndizo watu wanazikumbuka mpaka leo. Ilisema kuna wajibu ambao nchi inadaiwa na jumuiya nzima ya mataifa, na kwa uzito wake nchi zote zina maslahi ya kisheria katika kuulinda. Ikatoa mifano: uvamizi, mauaji ya kimbari, utumwa, ubaguzi wa rangi. Mimi nikifika kwenye neno utumwa huwa namkumbuka Sayyid Barghash, aliyetia saini mwaka 1873 kufunga soko la Mkunazini huku manowari za Waingereza zikimtishia. Wakati ule mwenye manowari ndiye aliyeamua nani ajibu.

Mwaka 2001 Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa ililiweka jambo hili katika vifungu vya wajibu wa mataifa. Vinavyotuhusu ni viwili. Kifungu cha 42 kinamzungumzia aliyeumia. Kifungu cha 48 kinasema kwamba nchi isiyoumia nayo inaweza kumwita mvunjaji ajibu, ikiwa wajibu uliovunjwa unadaiwa na kundi la nchi ambalo nayo imo, kwa mfano wanachama wa mkataba mmoja, au unadaiwa na jumuiya nzima. Tofauti yao ni katika kinachodaiwa. Aliyeumia anadai kila kitu, pamoja na fidia iingie mfukoni mwake. Asiyeumia anadai kitendo kikome na itolewe ahadi na dhamana kuwa hakitarudiwa. Fidia pia anaweza kuidai, lakini kwa ajili ya walioumia, si yake.

Naomba mnivumilie hapa nieleze kesi moja kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayoonesha jinsi nchi ndogo inavyofanya kazi hii.

Gambia ni nchi ndogo ya Afrika Magharibi. Haipakani na Myanmar, na Warohingya, Waislamu wa huko waliokuwa wakiuawa na kuchomewa vijiji, hawakukimbilia kwao. Lakini Waziri wake wa Sheria, Abubacarr Tambadou, aliwahi kufanya kazi kwenye mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile iliyokaa Arusha kwetu hapa Tanzania. Mwaka 2018 alikwenda Cox's Bazar, Bangladesh, akawasikiliza wakimbizi, na akatambua alichokuwa amekisoma kwenye majalada ya Arusha. Tarehe 11 Oktoba 2019 Gambia ilimpelekea Myanmar barua ya kibalozi: tunaona mnavunja Mkataba wa Mauaji ya Kimbari, acheni. Myanmar haikujibu. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 11 Novemba, Gambia ilifungua kesi Hague. Tarehe 23 Januari 2020 mahakama, bila hata jaji mmoja kupinga, iliamuru Myanmar iwalinde Warohingya, ihifadhi ushahidi, na iwe inaleta ripoti.

Myanmar ilipinga kesi isisikilizwe, na hoja zake ni zilezile zinazosemwa hapa kwetu. Ilisema Gambia haikuumia, na aliyeumia, kama yupo, ni Bangladesh iliyojaa wakimbizi. Ilisema pia kwamba Gambia ni wakala tu, na mwenye kesi hasa ni Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC. Mahakama ilijibu tarehe 22 Julai 2022, na kwenye suala la haki ya kudai kura zilikuwa 15 kwa 1. Kila mwanachama wa mkataba ana maslahi katika mkataba kutekelezwa, hata kama hana raia hata mmoja kati ya wahanga. Msaada wa OIC haubadilishi kuwa mwenye kesi ni Gambia. Na Bangladesh kuathirika zaidi hakumzuii mwengine.

Tena kuna jambo zuri ndani yake. Bangladesh, jirani aliyebeba mzigo wote, asingeweza kufungua kesi hiyo hata angetaka. Alipojiunga na mkataba ule aliweka sharti kwenye kifungu cha 9, kinachoipa mahakama mamlaka, kwamba asishitakiwe wala asishitaki bila ya pande zote kukubali. Aliyeumia hakuwa na mlango. Asiyeumia alikuwa nao.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, msichanganye haki ya kudai na mlango wa kuingilia. Hata wanasheria wanavichanganya. Wakongo waliipata shida hii mwaka 2006 walipomshitaki Rwanda. Mahakama iliwaambia kwamba hata wajibu unaodaiwa na dunia nzima hauipi mahakama mamlaka peke yake. Lazima mshitakiwa awe amekubali kwa njia fulani, na Rwanda ilikuwa imeweka sharti kwenye kifungu hicho hicho cha 9. Haki ya kudai inatoka kwenye aina ya wajibu. Mlango unatoka kwenye ridhaa.

Sasa nirudi jarubani.

Tarehe 23 Julai 2025 mahakama hiyohiyo ilitoa ushauri wake juu ya tabianchi, kufuatia ombi la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililosukumwa na Vanuatu, visiwa vya Pasifiki ambavyo kwa udogo vinafanana na sisi. Majaji wote walikubaliana. Walisema kwamba wajibu wa kuulinda mfumo wa tabianchi dhidi ya gesi zinazotokana na binadamu unadaiwa na wote, na ule wa mikataba ya tabianchi unadaiwa na wanachama wake wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018. Kwa hiyo nchi iliyoumia na isiyoumia zote zinaweza kumwita mvunjaji. Na walisema jambo ambalo lingemfaa yule afisa wangu: ili kusema nchi imekosa, si lazima kwanza uthibitishe hasara. Hasara na chanzo chake vinakuja pale unapodai fidia.

Ushauri si hukumu, haumfungi mtu kama hukumu inavyofunga. Lakini umeeleza sheria iliyopo, na atakayeibishia atabishana na majaji wote wa Hague.

Mnaona tofauti inavyofanya kazi? Nikitaka fidia ya majaruba yangu mawili, lazima nithibitishe kwamba bahari imepanda kwa sababu ya gesi, kisha kwamba gesi hizo zinatoka kwa nani na kwa kiasi gani, kisha kwamba ndiyo iliyoingiza maji kwangu. Na hapa lazima niwe mkweli: mbele ya bonde letu kulikuwa na mikoko, na mikoko ile hakuikata Mzungu. Tuliikata sisi, kwa kuni na kwa boriti. Wakili wa upande wa pili atanionesha visiki. Dai la fidia linaweza kufa kwa visiki hivyo, au likapunguzwa mpaka likawa halina maana. Lakini dai la "acheni, na mtuhakikishie" halijali visiki vyangu. Linauliza kuhusu mwenendo wa anayedaiwa, si kuhusu bonde langu. Ndiyo maana nasema tuanze na dai hilo. Kifungu cha 48 kinatutosha. Tukiweza baadaye kuvaa kofia ya pili, ya aliyeumia, tutaivaa.

Na mlango? Hapa tuna mmoja mzuri na mmoja tuliouacha umefungwa.

Mzuri ni wa baharini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Sheria ya Bahari mwaka 1985, na wakati huo huo ikatamka kwamba inachagua Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, iliyo Hamburg, kutatua migogoro yake. Mkataba huu, tofauti na ule wa mauaji ya kimbari, hauruhusu nchi kujiwekea masharti yake. Zipo pembe chache tu za kujitoa, kama mipaka ya bahari na mambo ya kijeshi, na uchafuzi wa bahari haumo kati ya hizo. Ukimdai aliyechagua Hamburg kama wewe, Ujerumani kwa mfano, mnakwenda Hamburg. Ukimdai aliyechagua kwengine, mnakwenda kwa wasuluhishi watano, na hawezi kukataa. Marekani hayumo, si mwanachama. Tarehe 21 Mei 2024 mahakama ya Hamburg ilisema kwamba gesi joto zinazoingia hewani na kuathiri bahari ni uchafuzi wa bahari kwa maana ya mkataba, na kwamba nchi zina wajibu wa kuuzuia kwa bidii ya hali ya juu.

Lakini mkataba ule unalinda bahari, haulindi mpunga. Kwa hiyo kwa Hamburg msipeleke bonde langu. Pelekeni mwani. Shangazi yangu alilima kotonii maisha yake yote, akiwafunga kwa taitai kwenye kamba, akiingia maji yanapokupwa. Maji yalipozidi joto kotonii alianza kupauka, akalainika, akakatika mkononi. Wengi wamehamia spinosamu, anayestahimili zaidi na mwenye bei ndogo. Jambo hilo linajulikana pwani nzima ya visiwa hivi, na ni jambo la bahari.

Mlango uliofungwa ni wa Hague. Nchi inaweza kutamka kwamba inaikubali mamlaka ya mahakama hiyo kwa migogoro yake na nchi nyengine zilizotamka hivyo. Kenya ilitamka, kisha ikajitoa mwaka 2021. Uganda imetamka. Sisi hatujatamka. Dai linalotokana na Mkataba wa Paris au desturi ya mataifa, ambako ndiko mpunga wangu unakoweza kuingia, halina mahakama ya lazima bila ya tamko kama hilo. Sitaki kukudanganyeni, mlango huo unafunguka pande zote mbili. Tukitamka, na sisi tunaweza kushitakiwa. Kenya ilishitakiwa na Somalia juu ya mpaka wa bahari kupitia mlango huo, na haikufurahi. Mimi naona bado ni bora kuwa nao.

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi nina neno la pembeni. Mambo ya Nchi za Nje ni ya pili kwenye orodha ya mambo ya Muungano katika Katiba ya 1977. Mazingira hayamo kwenye orodha hiyo. Maana yake chumvi ni ya Zanzibar na mdomo ni wa Dodoma. Wazee tunakumbuka tulivyojiunga na OIC na kutoka mwaka 1993, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo Baraza haliwezi kumwita mtu Hague, lakini linaweza kufanya jambo ambalo Dodoma haitalifanya bila kuombwa: kukusanya ushahidi, kupitisha azimio na kumpelekea Waziri.

Na ninachomuomba Mheshimiwa Waziri kwanza si kesi. Ni barua. Kifungu cha 43 cha vifungu vile vya 2001 kinataka anayedai amjulishe anayedaiwa: kitendo gani kikome, na kama kuna fidia, iwe ya namna gani. Mkataba wa Bahari nao unataka pande zibadilishane maoni kabla ya kwenda mbele ya majaji. Gambia ilianza na barua, na ukimya wa mwezi mmoja wa Myanmar ulikuwa sehemu ya kuthibitisha kwamba mgogoro upo. Kinyume chake, kifungu cha 45 kinasema kwamba nchi inayonyamaza kwa namna inayoonesha imeridhia inaweza kupoteza haki ya kudai. Kila mwaka tunapokwenda mikutanoni tukaomba misaada bila kusema hata mara moja kwamba tunadai haki, tunampa wakili wa upande wa pili karatasi ya kuonesha.

Barua hiyo iwe fupi. Itaje mkataba na kifungu. Itaje sera au leseni maalumu inayolalamikiwa, kwa mfano ruhusa mpya za kuchimba mafuta au ruzuku kwa mafuta na makaa, maana majaji walisema wazi kwamba mambo hayo yanaweza kuwa kosa la nchi. Barua ya "mnachafua dunia" haina mshiko. Iseme tunadai kama mwanachama wa mkataba, na tunahifadhi haki yetu ya kudai kama walioumia. Iombe jibu kwa tarehe.

Ushahidi wa upande wa pili utayarishwe wakati huo huo. Bandarini Mjini kuna kipimo cha kujaa na kupwa kwa maji kinachoandika tangu miaka ya 1980; rekodi zake zitolewe na zipangwe. Huku kwetu nimeanza mwenyewe: kila bamvua napiga mti kwenye tuta pale maji yalipofika, naandika tarehe ya mwezi wa Kiarabu na ya Kizungu, na sheha anatia saini. Daftari lina kurasa kumi na nne sasa. Atakayetumwa na Wizara au na Baraza aje nalo lipo, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la mama, na bamvua ijayo nitakuwa pale bondeni na nyundo yangu.

Wenu mtiifu,
Mstaafu wa ukarani wa mahakama, Pemba